Kifurushi Kimepotea Posta: Soma Risiti Kabla ya Kudai

Mimi hushona na kuuza mikoba ya magugumaji hapa Kisumu, na wateja wangu wengi wako ng'ambo. Nimetuma vifurushi vingi vikafika, na vichache havikufika. Kwa sababu ya hivyo vichache, majirani zangu wa Kibuye sasa huniletea risiti zao wakisema, "Dada, posta wamenipotezea mzigo." Huwa siwajibu mpaka nione karatasi, kwa sababu tatizo lenyewe mara nyingi si lile walilodhani. Nitalifuata hapa kwa dalili, nikianza na zile ambazo kifurushi hakijapotea kabisa.

Dalili: "Risiti ninayo, lakini haina nambari ya kufuatilia"

Ukituma kitu kwa rejista, kaunta hukupa karatasi mbili, au karatasi moja yenye kazi mbili. Ya kwanza ni risiti ya malipo, inayoonyesha tu kwamba ulilipa kiasi fulani siku fulani. Ya pili ni risiti ya rejista yenyewe. Hii ina muhuri wa tarehe, jina na anwani ya mpokeaji, na nambari ileile iliyobandikwa kwenye kifurushi. Kama unayo ile ya kwanza tu, chanzo ni kimoja kati ya viwili. Huenda karatasi ya rejista iliangukia kwenye mfuko wa sukari ukaitupa, au hukulipia rejista na mzigo wako ulikwenda kama barua ya kawaida yenye stempu.

Nakumbuka mama mmoja aliyesimama mbele yangu kwenye foleni. Karani aliigeuza risiti yake mara mbili, akaisoma nyuma na mbele, kisha akasema kwa upole, "Mama, hii ni ya stempu. Sina pa kuanzia." Na kweli hakuwa na pa kuanzia. Kitu cha kawaida hakiandikwi popote kinapopita mikononi mwa watu, na mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, ambao Kenya imo, hauwabebeshi posta dhamana ya fidia kikipotea. Dhamana hiyo iko kwa rejista, kwa vifurushi vya huduma ya parseli, na kwa vitu vilivyowekewa bima.

Namna ya kutofautisha ni kutazama herufi. Nambari ya kimataifa ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka, ambazo kwetu ni KE. Herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia una haki gani. R ni rejista, C ni parseli, V ni bima, E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta. Ukiona U, usifurahi: hicho ni kifurushi kidogo cha kawaida kilichopewa nambari kwa ajili ya shughuli kama za forodha, si rejista.

Kama ulilipia rejista kweli na karatasi imepotea, rudi ofisi ileile ya kutumia ukiwa na ujumbe wa M-Pesa au risiti ya malipo. Vyote viwili vina tarehe na kiasi, na kwa hivyo karani anaweza kutafuta kwenye kumbukumbu za siku hiyo. Tazama pia nakala ya fomu ya forodha uliyobaki nayo, maana nambari huandikwa hapo vilevile. Nenda mapema, kabla siku hiyo haijazikwa chini ya siku nyingine mia.

Dalili: "Mfumo unasema nambari haipo"

Kwanza hesabu siku. Nambari haionekani papo hapo. Lazima mzigo uskaniwe na taarifa ipelekwe. Siku mbili tatu za ukimya si kitu, hasa ukitumia ofisi ndogo ambayo mfuko wake hutoka mara chache kwa wiki.

Zikipita, shuku macho yako kabla hujashuku posta. Risiti nyingi zina wino hafifu, na nambari ikinakiliwa kwa mkono 1 hugeuka 7 na 0 hugeuka 6. Kwa bahati nzuri nambari hizi zina mtego wa kukamata makosa. Katika zile tarakimu tisa, nane za mwanzo ndizo za mzigo, na ya tisa ni ya ukaguzi, inayotokana na hesabu ya hizo nane. Kila tarakimu huzidishwa kwa uzito wake, nao ni 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo. Jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kutoka 11. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5.

Tuseme risiti inasomeka RR306147529KE:

```
3×8 + 0×6 + 6×4 + 1×2 + 4×3 + 7×5 + 5×9 + 2×7 = 156
156 = 11×14 + 2
11 − 2 = 9
```

Tarakimu ya tisa ni 9, kwa hivyo nambari imesomwa sawa. Lakini mtu angeisoma ile 1 kama 7, jumla ingekuwa 168, baki 3, na jibu 8. Nane si tisa, basi rudi kwenye karatasi uitazame tena juani. Nimewahi kumaliza "upotevu" wa wiki tatu kwa kalamu na mgongo wa bahasha, na mwenye mzigo akaniangalia kama mganga.

Hesabu ikikubali na mfumo bado haujui kitu baada ya wiki, hilo ni jambo la kweli. Maana yake mzigo haujaskaniwa hata mara moja tangu uuache kaunta. Nenda ofisi ya kutumia, usipige simu. Hapo ndipo mzigo ulipo, au ndipo palipo na mtu wa mwisho aliyeushika.

Dalili: "Nimetumiwa kutoka nje, imefika Kenya, mimi sijaona kitu"

Hii ndiyo ninayoiona zaidi kwa watu wa Siaya, Busia na Kakamega, na chanzo chake mara nyingi ni sanduku la kuazima. Mtu hutumia sanduku la shule, la kanisa au la duka la shemeji. Sasa kumbuka kwamba kifurushi cha rejista hakitiwi sandukuni. Kinachotiwa ni kijikaratasi cha taarifa kinachosema kuna mzigo wako kaunta, njoo na kitambulisho. Mwenye ufunguo hukusanya barua, na kijikaratasi hicho hubaki katikati ya majarida na bili. Huko kaunta mzigo unahesabiwa siku. Muda wa kuutunza ukiisha unarudishwa kwa aliyetuma, na mfumo utaonyesha unarudi ilhali wewe uko Butere ukiulaani ulimwengu.

Kwa hivyo usingoje kijikaratasi. Ukiona mfumo unasema umefika ofisi ya kugawa, nenda na nambari iliyoandikwa pamoja na kitambulisho, na uulize. Jina lililo kwenye mzigo likiwa la shule au la mtu mwingine, chukua barua fupi ya mwenye sanduku yenye muhuri. Karani akikataa kumpa mzigo mtu asiyetajwa juu yake anafanya kazi yake.

Chanzo cha pili ni msimbo wa posta. Kisumu ni 40100, Kakamega ni 50100, Nakuru ni 20100, na ofisi kuu ya Nairobi ni 00100. Nambari ya sanduku ikiwa sahihi na msimbo ukiwa wa mji mwingine, mzigo unakwenda kwa sanduku lenye nambari ileile katika mji huo, ambalo mwenyewe ni mtu baki. Muulize aliyekutumia akupigie picha ya anwani aliyoandika. Ukiikuta tarakimu moja imekosewa, peleka picha hiyo kaunta na uombe ofisi ya mji ule iulizwe.

Dalili: "Ulionekana unasonga, kisha ukanyamaza"

Hapa lazima ujue safari yenyewe. Mzigo unaotoka Kisumu kwenda ng'ambo hupokewa kaunta, hupelekwa kwenye ofisi inayofunga mifuko ya kimataifa, hufungwa ndani ya mfuko wenye lebo na orodha, hupanda ndege, na hupokewa na ofisi kama hiyo katika nchi ya pili. Huko forodha huutazama, kisha unakwenda ofisi ya kugawa. Kila kituo kina taarifa yake. Ile ya kutoka kwetu husomeka `Departure from outward office of exchange`, na ile ya kupokewa kule `Arrival at inward office of exchange`, au maneno yanayokaribiana na hayo.

Ukimya baada ya ile ya kwanza una maana mbili. Ama mfuko bado uko kati ya viwanja vya ndege, ama mfuko ulifika na mzigo wako haukuwamo au haukuskaniwa. Huwezi kutofautisha ukiwa nyumbani. Ukimya baada ya ile ya pili kwa kawaida ni forodha: wanasubiri ushuru, au ankara, au mpokeaji alitumiwa barua na hakuijibu. Kabla ya kujaza fomu yoyote mwambie mpokeaji aulize posta ya kwao kwa nambari yako. Hilo si la kulipia.

Kanuni ya lawama ni rahisi kuikumbuka: posta iliyoupokea mzigo bila kutoa kasoro, kisha ikashindwa kuonyesha kwamba iliukabidhi kwa mpokeaji au kwa posta inayofuata, ndiyo inayobeba. Kwa hivyo piga picha ya kila taarifa inavyotokea kwenye skrini. Kurasa hizo hazikai milele.

Na kama taarifa inasema umekabidhiwa ilhali mpokeaji anakana, omba saini. Rejista hutolewa kwa saini, na posta ya kule inaweza kuonyesha nani aliiweka. Mara nyingi ni mlinzi wa jengo au jirani. Ikiwa saini si ya mtu yeyote anayejulikana, mpokeaji aandike barua yenye tarehe akikana kupokea, maana bila hiyo dai lako halina miguu.

Dalili zote zimeisha, mzigo haupo: fomu CN 08

Hii ni fomu ya kuulizia mzigo, na ndiyo mlango wa fidia. Iombe kwa jina hilo. Ukisema tu "nataka kulalamika" unaweza kupewa kitabu cha maoni, nacho hakiendi popote nje ya ofisi ile. Uulizaji wa kawaida ni bure, isipokuwa ukitaka upelekwe kwa njia ya haraka kama EMS.

Muda wa mwisho ni miezi sita, unaohesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Huu ndio mwamba unaovunja mashua nyingi. Watu ni waungwana: wanaambiwa "ngoja kidogo, bado uko njiani", wanangoja, wanaona aibu kusumbua, na mwezi wa saba wanakuja na risiti safi kabisa isiyo na kazi. Kuulizia si kumshtaki mtu. Ukiulizia na mzigo ukafika kesho yake, hakuna aliyeumia.

Mfano ni wa jirani yangu. Alituma mikoba miwili na mikeka sita ya mezani kwenda Ujerumani tarehe 12 Machi, kwa rejista, uzito kilo 1.4. Taarifa ya mwisho ilikuwa ya kuondoka nchini, tarehe 21 Machi. Tarehe 30 Aprili, baada ya mpokeaji kuulizia kwao bila jibu, tulikaa kwenye benchi la ofisi tukajaza. Mwisho wa muda wake ungekuwa tarehe 12 Septemba, kwa hiyo tulikuwa na nafasi.

Sehemu za juu ni nyepesi: sababu ya kuulizia, aina ya mzigo, nambari, uzito, tarehe na ofisi ya kutuma, anwani mbili. Zinakiliwe kutoka kwenye risiti, zisitoke kichwani. Sehemu ya kukaa nayo ni maelezo ya kilichomo. Jirani aliandika "zawadi". Nikamwomba aanze upya. Lebo ikibanduka, mzigo hupelekwa mahali pa vitu visivyo na mwenyewe, hufunguliwa, na anayetafuta ana maneno yako tu. Hivyo tukaandika: mikoba miwili ya magugumaji yaliyosukwa, rangi ya kahawia, mishikio ya ngozi nyeusi, bitana ya kitenge cha bluu, mikeka sita ya duara, sanduku la katoni lililofungwa kwa utepe wa kahawia na kamba ya katani. Mtu akifungua boksi lile ataijua ile bitana ya bluu kwa mtazamo mmoja.

Kuna pia swali la mzigo ukipatikana uende kwa nani, mtumaji au mpokeaji. Wengi huliruka. Kama mteja wako ameshachoka na umemrudishia pesa, chagua urudi kwako.

Tuliambatisha nakala ya risiti ya rejista, nakala ya fomu ya forodha, ujumbe wa mteja wenye bei, na picha za skrini. Asili ya risiti hatukuiacha. Ioneshe, inakiliwe mbele yako, urudi nayo. Kisha ukaja mgogoro mdogo kaunta: fomu ilichukuliwa tukaambiwa twende nyumbani. Usiende. Omba nakala yenye muhuri wa tarehe na kumbukumbu ya dai. Bila hiyo, miezi miwili baadaye utaambiwa uanze upya, na saa ya miezi sita haikuwa imesimama.

Jibu lilikuja Julai: mfuko ulipokewa, mzigo haukuonekana ndani yake. Hapo ndipo kuulizia kunageuka kudai. Posta iliyoulizwa ikinyamaza kwa miezi miwili bila kulimaliza jambo, mkataba unairuhusu posta ya kutuma kumlipa mwenye dai kisha ikamalizana na mwenzake. Likumbushe hilo kwa barua, kwa adabu, ukitaja kumbukumbu yako.

Dalili ya mwisho: "Wamenilipa nusu"

Kwa rejista iliyopotea, kiwango cha mkataba ni 30 SDR, hata kama ndani kulikuwa na kitu cha bei kubwa zaidi. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. 30 kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama dola 40 za Marekani, yaani shilingi elfu tano na ushei. Bidhaa za jirani zilikuwa na thamani ya shilingi 9,600. Juu ya fidia anarudishiwa gharama ya kutuma, ila si ada ya rejista yenyewe. Hasara ya pembeni, kama mteja aliyekasirika au harusi iliyopita bila zawadi, haihesabiwi.

Angetuma mzigo uleule kama parseli, kiwango cha juu kingekuwa 40 SDR na 4.50 kwa kila kilo, ambayo kwa kilo 1.4 ni 46.30. Bado haifiki bei yake. Kwa mzigo wa thamani hiyo dawa ni bima, kama inapatikana kwa nchi unayotumia, kwa sababu bima inafuata thamani uliyotaja.

Sasa lile linalouma. Hivyo vyote ni viwango vya juu. Hulipwi zaidi ya thamani halisi ya kitu. Na thamani ya kwanza wanayoiona ni ile uliyoandika mwenyewe kwenye fomu ya forodha. Mteja akikuambia "andika dola 10 nisitozwe ushuru", unaokoa ushuru wake na kuitupa fidia yako. Nilimwonya binamu yangu wa Nakuru juu ya hili. Akacheka, akaandika dola 10, akalipwa kama mtu aliyepoteza kitu cha dola 10. Vilevile vitu vilivyokatazwa au vilivyokamatwa na forodha havina fidia.

Fidia hulipwa mtumaji. Mzigo ukiwa umetoka kwa dada yako Uingereza kuja kwako Kakamega, unaweza kuulizia hapa, lakini pesa ni zake, mpaka akuandikie kwamba amekuachia haki hiyo. Kwa vitendo ni afadhali aanze yeye kule, maana risiti iko mkononi mwake.

Ofisi ikikwama kabisa, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo inayosimamia huduma za posta. Huko pia watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma na ulijibiwa nini, kwa hiyo nakala yenye muhuri ndiyo tiketi yako.

Jirani alilipwa. Ile risiti bado anayo kwenye kopo la chai, kwa sababu mzigo uliolipiwa fidia ukijitokeza baadaye, posta humjulisha mtumaji, naye ana miezi mitatu ya kuamua kama atauchukua kwa kurudisha pesa. Anasema ile mikoba akiiona tena hatairudishia hata senti, labda ile yenye mshikio mrefu.